Skripti ya Video ya Ubao Mweupe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuoanisha Sentensi na Mchoro

Ukurasa huu unahusu jambo moja tu katika utengenezaji wa video za ubao mweupe, yaani zile ambazo mtazamaji huona mkono ukichora huku akisikia sauti ya msimulizi. Jambo hilo ni namna ya kuandika skripti ambayo kila sentensi inayosemwa ina mchoro wake unaozaliwa wakati uleule. Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni video fupi ya dakika moja na nusu hivi inayoeleza kwa nini Mwezi huonekana ukikua na kupungua. Nimeuchagua kwa sababu unaonekana mwepesi, lakini karibu kila kosa ninalokutana nalo katika skripti za aina hii limo ndani yake.

Kusema kwamba sentensi "ina mchoro wake" kuna maana gani hasa?

Maana yake ni kwamba sikio linapopokea neno linalobeba wazo, jicho liwe linatazama mstari unaolichora wazo hilo hilo. Haitoshi mchoro na sentensi kuwa vya mada moja. Tuseme msimulizi anasema, "Jua huangaza nusu ya Mwezi," na ubaoni anachorwa mtu aliyeshika darubini usiku. Mtu huyo ni wa mada ya anga, na pengine amechorwa vizuri sana, lakini hakuna neno hata moja katika sentensi ile linalomwelekea. Mtazamaji atajiuliza mtu huyu ni nani, na wakati anajiuliza, neno "nusu", ambalo ndilo lililobeba hoja nzima, litakuwa limeshapita.

Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kalifornia huko Santa Barbara aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, aliliweka jambo hili katika kanuni ya ukaribu wa wakati: watu huelewa zaidi maneno na picha vinavyohusiana vikija pamoja kuliko vikija kimoja baada ya kingine. Katika video ya kawaida kanuni hii huvunjwa kwa sekunde chache bila madhara makubwa. Katika video ya ubao mweupe madhara huonekana mara moja, kwa kuwa mkono unaochora hulivuta jicho kwa nguvu, na jicho likishavutwa mahali pasipo na wazo linalosemwa, sikio hubaki peke yake.

Nianze na maneno au nianze na michoro?

Anza na ubao uliojaa. Kabla ya kuandika sentensi yoyote, chukua karatasi moja na uchore kwa penseli jinsi ubao utakavyoonekana katika sekunde ya mwisho ya video. Kwa mfano wetu, Jua liko pembeni kushoto, Dunia iko katikati ikiwa na mtu mdogo amesimama juu yake, njia ya Mwezi inaizunguka Dunia, na Miezi minne imepangwa juu ya njia hiyo: mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja juu na mmoja chini. Kona ya chini kulia imeachwa wazi kwa makusudi, na sababu yake itaonekana hapo baadaye.

Karatasi hiyo ikikamilika, jiulize mkono utaanza wapi na utamalizia wapi, kisha andika sentensi kwa kufuata njia ya mkono. Wengi huandika insha kwanza, wakaikata vipande, halafu wakatafuta picha ya kubandika kwenye kila kipande. Insha hurudi nyuma, hurukia mbele, hutoa tahadhari na kufungua mabano. Mkono hauwezi kufanya hayo yote bila kumchosha mtazamaji, kwa sababu kila aina ya mrudio katika maneno ni safari ya kamera kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine.

Skripti iliyokamilika huonekanaje kwenye karatasi?

Huwa na safu mbili, sauti upande wa kushoto na mchoro upande wa kulia, na kila sentensi huwa na mstari wake. Kama huna jedwali, andika moja chini ya nyingine kama hivi:

1\. SAUTI: Jua liko upande huu, na mwanga wake unakuja kuelekea kwetu.
MCHORO: Nusu duara kubwa kwenye ukingo wa kushoto, kisha mishale mitatu ya kwenda kulia. Mshale wa mwisho unamalizikia kwenye neno "kwetu".

2\. SAUTI: Hapa katikati ipo Dunia, na juu yake amesimama mtu anayetazama angani.
MCHORO: Duara la Dunia linaanza kwenye "Hapa", mtu anaanza kwenye "amesimama".

Katika karatasi yangu, neno moja la kila sentensi hukolezwa wino, kama "kwetu" na "angani" katika sentensi hizi mbili. Mimi huliita neno la kutua, kwa maana ya neno ambalo mstari wa mwisho wa mchoro unapaswa kutua nalo pamoja. Kwa kawaida liko mwishoni mwa sentensi au karibu na mwisho, kwa sababu hapo ndipo msimulizi hupumua, na nusu sekunde ya kimya baada yake humpa mtazamaji nafasi ya kuutazama mchoro mzima ukiwa umekamilika. Sentensi ambayo huwezi kuipatia neno la kutua mara nyingi ni sentensi mbili zilizounganishwa, au haina cha kuchorwa kabisa.

Nitajuaje kama muda wa sentensi unatosha mchoro wake?

Pima vyote viwili kwa saa, usikadirie. Vipimo vya maneno kwa dakika vinavyotajwa katika miongozo mingi vilitokana na Kiingereza, na havifai kuhamishwa kama vilivyo, kwa kuwa neno moja la Kiswahili kama "inayolielekea" hubeba kazi ya maneno manne na lina silabi nane. Mimi nikisoma kwa utulivu wa kufundishia hupata maneno 110 hivi kwa dakika, yaani maneno kumi kwa sekunde tano na nusu. Wewe soma ukurasa mmoja kwa sauti, pima, na upate kiwango chako mwenyewe.

Upande wa mchoro, lichore kwa kalamu halisi kila umbo huku ukihesabu. Kama unarekodi mkono wako kwa kamera na kuuharakisha baadaye, gawanya: mchoro uliochukua sekunde 40 ukiharakishwa mara 8 utachukua sekunde 5. Ukiona unalazimika kuharakisha zaidi sana ya hapo, mkono utageuka ukungu unaopitapita, na mtazamaji hataona tena mstari ukizaliwa bali ataona umbo likitokea ghafla.

Sasa tazama mfano. Sentensi yangu ya tatu ilikuwa hivi mwanzoni: "Mwezi huizunguka Dunia katika njia hii." Ni maneno sita, sekunde tatu na kidogo. Mchoro niliokuwa nimeupanga ulikuwa njia ya vistari vilivyokatikakatika kuizunguka Dunia yote, pamoja na Mwezi wenyewe juu yake. Nilipouchora kwa kipimamuda mkononi, vistari peke yake vilikula sekunde sita, na mkono ulikuwa bado uko chini ya Dunia wakati sauti imeshanyamaza. Kuna njia tatu za kutibu hali hii. Unaweza kuupunguza mchoro, unaweza kuongeza maneno, au unaweza kuacha kimya. Kishawishi kikubwa ni kuongeza maneno, na maneno yanayoongezwa huwa ni yale ya "kimsingi", "kwa hakika" na "kama tunavyojua", ambayo hayachori kitu. Mimi niliupunguza mchoro: badala ya vistari nikatumia mstari mmoja usiokatika, ambao mkono huuzungusha kwa pumzi moja kwa sekunde tatu, na Mwezi wenyewe nikauhamishia sentensi inayofuata.

Kinyume chake pia hutokea, mchoro ukamalizika na sentensi ikaendelea. Hilo ni kosa dogo zaidi, mradi isizidi sekunde mbili hivi. Ikizidi, mkono ulioning'inia bila kazi huanza kuonekana, na jicho la mtazamaji huanza kutangatanga likitafuta kitakachofuata.

Sentensi yangu moja inahitaji michoro mingi. Nifanyeje?

Hapa ndipo sentensi ya nne ilipotaka kunishinda. Niliiandika hivi: "Mwezi ukiwa mahali popote, nusu yake inayolielekea Jua huwa nyeupe, na nusu ya pili huwa nyeusi." Ni sentensi nzuri kusomwa kitabuni. Ina maneno 16, sawa na sekunde karibu tisa, na mchoro wake ni Miezi minne, kila mmoja ukiwa na nusu iliyotiwa kivuli. Kwa hesabu ya jumla muda haukuwa mbali sana na kutosha, lakini nilipoigawanya kulingana na maneno, Miezi yote minne ilipaswa kuzaliwa ndani ya "mahali popote", yaani katika sekunde moja na ushei.

Kulikuwa na tatizo la pili ambalo sikuligundua hadi nilipochora. Ubao ni mweupe. Msimulizi anaposema "huwa nyeupe", hakuna kinachochorwa, kwa sababu weupe tayari upo. Jicho linasubiri, neno linapita, na nusu iliyoangazwa, ambayo ndiyo kiini cha maelezo yote, haipati mstari hata mmoja wa kwake.

Suluhisho lilikuwa kuivunja sentensi moja kuwa tatu na kuongeza kalamu ya manjano. Ya kwanza: "Tuuweke Mwezi hapa, hapa, hapa, na hapa." Kila "hapa" ni duara moja, na msimulizi akiacha pumzi fupi kati yao, sentensi hii ya maneno saba huchukua sekunde tano bila kuonekana imevutwa. Ya pili: "Katika kila mahali, nusu inayolielekea Jua hupata mwanga." Rangi ya manjano inapita kwenye nusu za kushoto za Miezi yote minne, na kutua kwenye "mwanga". Ya tatu: "Nusu ya pili hubaki gizani." Kalamu nyeusi inazijaza nusu za kulia. Mtu atasema kwamba sentensi hizi ni za kitoto. Ni kweli hazina mshikamano wa ile ya kwanza, lakini mshikamano hapa haukai katika sentensi. Unakaa ubaoni, mahali ambapo michoro yote inaonekana pamoja.

Michoro yangu ni sahihi na muda unatosha, lakini watazamaji bado wanasema walipotea. Kwa nini?

Chunguza viambishi vya nafsi. Katika Kiswahili kitenzi kinaweza kusimama bila kutaja nomino yake, kwa kuwa kiambishi kinaiwakilisha, na katika maandishi hilo ni pambo zuri linalotuepusha kurudiarudia. Katika video ya ubao mweupe linaweza kuharibu kila kitu, kwa sababu kiambishi hakimwambii mtazamaji aangalie wapi.

Chukua sentensi hii kutoka katika rasimu yangu: "Ukiwa upande huu, unafichika." Mimi nilikusudia Mwezi. Lakini "u-" ni kiambishi cha Mwezi, ni cha mwanga, ni cha upande, na zaidi ya yote ni cha "wewe". Wakati sentensi inasemwa, ubaoni kuna Mwezi, kuna mishale ya mwanga, na kuna mtu amesimama juu ya Dunia. Mtazamaji mmoja niliyemsomea alisema alidhani ni yeye asiyeonekana akiwa upande wa pili wa Dunia, na akawa anamfikiria yule mtu mdogo muda wote. Hakuwa mzembe. Sarufi ilimruhusu.

Kwa hiyo, katika skripti za aina hii, kanuni yangu ni kutaja jina la kitu kila mara mkono unapohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, hata kama sentensi iliyotangulia imeshalitaja. "Mwezi unapokuwa kati ya Dunia na Jua, upande unaotuelekea ni ule wa giza, kwa hiyo Mwezi hauonekani." Mwalimu wa insha angeikata Mwezi ya pili. Mimi naiacha, kwa sababu inalirudisha jicho mahali pake.

Lugha yetu pia inatupa msaada ambao wengine hawana. Nomino hutangulia sifa zake: tunasema "Mwezi", kisha "mkubwa", kisha "wenye nusu ya giza". Mchoraji hufanya hivyo hivyo, kwani huanza na duara, halafu akaongeza yaliyomo. Ukiandika kwa mpangilio wa kawaida wa Kiswahili, mkono una la kufanya tangu neno la kwanza. Tatizo huja pale mwandishi anapoanza na kishazi kirefu, kama vile "Kutokana na jinsi ambavyo mwanga wa kutoka mbali hufika", ambapo mkono husubiri maneno tisa bila kujua unachora nini.

Neno "mwezi" lina maana mbili. Je, hilo lina shida?

Lina shida kubwa kuliko linavyoonekana. "Mwezi huizunguka Dunia kila mwezi" ni sentensi ambayo mtu akiisoma huielewa kwa herufi kubwa na ndogo, lakini herufi kubwa haisikiki. Mtazamaji akisikia "mwezi" huku Miezi minne iko mbele yake, jicho litaenda kwenye mmojawapo. Mahali palipohitaji kipimo cha muda mimi nilitumia siku.

Na hapo inafaa kuwa mwangalifu na ukweli wenyewe. Usiseme kwamba Mwezi huizunguka Dunia kwa siku 29 na nusu huku mkono ukizungusha mshale mzima juu ya njia yake, maana mzunguko huo mmoja huchukua siku 27 na theluthi moja hivi. Siku 29 na nusu ni muda wa kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine, ambao ni mrefu zaidi kwa sababu Dunia nayo inakuwa imesogea katika safari yake ya kulizunguka Jua. Katika insha kosa hili lingejificha. Hapa mchoro ungelitangaza. Sentensi yangu ni, "Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine hupita siku 29 na nusu," na mchoro wake ni duara mbili zilizojaa manjano zikiwa na tarakimu 29½ katikati yake, mbali kabisa na ile njia.

Sentensi ya kukanusha huchorwaje?

Kwa tahadhari, kwa sababu ubao haujui kusema "si". Watu wengi hudhani kwamba giza tunaloliona juu ya Mwezi ni kivuli cha Dunia, na video hii haiwezi kukwepa kuwajibu. Rasimu yangu ilisema, "Kivuli cha Dunia hakiufuniki Mwezi." Mkono ukachora Dunia, kivuli chake, na Mwezi ndani ya kivuli. Ukiutazama mchoro huo bila sauti, unafundisha kosa lilelile nililotaka kuliondoa. Ukiusikiliza pamoja na sauti, ukanushi wote umo katika silabi moja ya "ha-", ambayo hupita kabla mkono haujagusa ubao.

Niliitenga hivi. Kwanza: "Wengi hudhani kwamba kivuli cha Dunia ndicho kinachoufunika Mwezi." Mchoro unafanyika kwa penseli ya kijivu, mwembamba, katika ile kona ya chini kulia iliyoachwa wazi. Pili: "Sivyo." Ni neno moja, mistari miwili ya kalamu nyekundu inayokatiza mchoro wote, na sekunde moja nzima ya kimya. Kisha mchoro unafutwa mbele ya macho ya mtazamaji, usibaki kumtazama hadi mwisho wa video.

Lakini kuna mtazamaji makini ambaye hataridhika, naye ana haki. Ataurudia ubao mkuu na kuona Jua, Dunia na Mwezi wa kulia vimepangwa katika mstari mmoja ulionyooka. Kwa mchoro huo, Mwezi wa kulia ungekuwa ndani ya kivuli cha Dunia kila ukiwa mpevu. Mchoro umezua swali ambalo maneno hayakulizua, na skripti inayooanisha sentensi na mchoro inawajibika kwa maswali ya pande zote mbili. Jibu ni kwamba njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya Dunia kulizunguka Jua, kwa hiyo mara nyingi Mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli, na unapoingia ndani yake ndipo tunapoona kupatwa kwa Mwezi. Ubao uliochorwa kutoka juu hauwezi kuonyesha mwinamo huo. Palipofutwa kona ya kulia, nilichora picha mpya ya kutoka ubavuni: "Ukiitazama kutoka ubavuni, njia ya Mwezi imeinama kidogo," kisha, "Kwa hiyo Mwezi mpevu mara nyingi hupita juu ya kivuli, au chini yake." Neno "juu" lina duara lake, na "chini" lina lake.

Sentensi hizo ziliongeza sekunde 12 kwenye video. Sikuona namna ya kuzikwepa kwa uaminifu.

Vipi kuhusu sentensi za kuunganisha, kama "Sasa tuangalie jambo jingine"?

Zifute, au uzipe mwendo wa kamera. Kamera inapohama kutoka Dunia kwenda kwenye kona, sentensi fupi kama "Tusogee hapa" inafaa, kwa sababu mwendo wenyewe ndio mchoro wake. Ikiwa kamera haihami na mkono hauchori, sentensi haina mahali.

Je, niandike maneno ubaoni pamoja na michoro?

Majina mafupi, ndiyo: "Jua", "Dunia", "mwezi mpevu". Yaandikwe wakati yanapotamkwa kwa mara ya kwanza. Kuandika sentensi nzima inayosemwa ni kuligombanisha jicho na sikio, kwa kuwa watu husoma kwa mwendo mmoja na msimulizi husema kwa mwendo mwingine. Manukuu kwa ajili ya wasiosikia ni jambo tofauti, nayo yawekwe chini ya video kwa namna inayoweza kuzimwa na kuwashwa.

Natumia programu ya kompyuta, na mkono unachora vitu kwa mpangilio usiolingana na sentensi. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi liko ndani ya faili la mchoro. Programu nyingi za kazi hii hupokea michoro ya SVG, na huchora maumbo kwa kufuata mpangilio yalivyoandikwa ndani ya faili, si kwa mpangilio unaouona machoni. Kama kivuli kilitengenezwa kabla ya duara, mkono utajaza giza hewani kwanza, kisha ndipo duara litokee. Kwa sentensi inayotaja Mwezi kabla ya giza lake, faili liwe hivi:

```
<path id="mwezi" fill="none" stroke="black"
      d="M50 10 A40 40 0 1 1 49.9 10 Z"/>
<path id="giza" fill="black" stroke="black"
      d="M50 10 A40 40 0 0 1 50 90 Z"/>
```

Umbo la kwanza ni duara, la pili ni nusu ya kulia. Ukitaka rangi ya manjano itangulie giza, kama ilivyo katika skripti yetu, iandikwe katikati ya hivyo viwili. Katika programu za kuchora huhitaji kugusa maandishi haya, kwani unaweza kuyapanga upya maumbo katika orodha ya tabaka, ukikumbuka kwamba lililo chini kabisa ndilo la kwanza. Angalia pia kama kila umbo lina mstari wa pembeni. Umbo lenye rangi ya ndani tu, bila mstari, mara nyingi hujitokeza ghafla au huchorwa kwa namna ya ajabu, kwa sababu mkono hauna mstari wa kuufuata.

Sauti irekodiwe kabla ya michoro au baada yake?

Kabla. Mchoro unaweza kuongezewa au kupunguziwa mwendo kwa asilimia kumi au ishirini bila mtu kugundua, lakini sauti ya mtu ikivutwa kiasi hicho hugundulika papo hapo. Rekodi kwanza sauti ya majaribio kwa simu, uipange michoro ya penseli juu yake, urekebishe maneno, ndipo urekodi sauti ya mwisho. Msimulizi apewe skripti yenye maneno ya kutua yaliyokolezwa, na aambiwe kwamba kimya cha nusu sekunde baada ya kila moja ni sehemu ya kazi yake. Wasimulizi wazoefu huelekea kuunganisha sentensi kwa pumzi moja ili isikike laini. Kwa video hii ulaini huo utailazimisha michoro ikimbizane.

Ninaweza kuijaribu skripti bila kutengeneza video nzima?

Unaweza, na unahitaji watu wawili ambao hawajaiona. Mmoja msomee sauti peke yake, akiwa na karatasi na penseli, umwambie achore anachosikia. Sio lazima awe mchoraji. Mahali penseli yake inaposimama, sentensi yako haina mchoro ndani yake. Mahali anapochora kitu tofauti kabisa na ulichopanga, kuna kiambishi au neno lenye maana mbili. Yule mtazamaji niliyemtaja, aliyedhani ni yeye asiyeonekana, nilimgundua hivyo: alimchora mtu nyuma ya Dunia.

Wa pili mwonyeshe michoro peke yake, mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wake, bila sauti, naye akuambie kila mmoja unasema nini. Usimsaidie. Alipofika kwenye mchoro wa kivuli cha Dunia, kabla sijaongeza ile mistari myekundu, mtu wangu wa pili alisema kwa uhakika kabisa, "Hapa unaonyesha kwamba Dunia inauziba Mwezi." Niliirudisha karatasi mezani na kuanza kuiandika upya sentensi hiyo.